Kuhusu maziwa ya Asali baada ya matibabu ya kiwele

Buswelu, Mwanza
15 Mei 2024

Shikamoo Mama Kulwa,

Ng'ombe wako Asali anaendelea vizuri. Robo ya nyuma kulia ya kiwele imepungua uvimbe na leo asubuhi mabonge kwenye maziwa yalikuwa machache. Nakuandikia ili uwe na tarehe na saa mkononi, kwa kuwa muda wa kusubiri kabla ya kuuza maziwa ndiyo sehemu ya tiba inayokosewa zaidi.

Dawa zilizotumika ni mbili. Ya sindano, penisilini na streptomaisini, imechomwa Jumatatu na jana jioni, na ya mwisho nitamchoma leo saa 12 jioni. Lebo ya chupa inataka siku 3 kamili kwa maziwa, yaani saa 72, ambazo zinaisha Jumamosi saa 12 jioni. Dawa ya kuingiza kwenye chuchu imetumika mara 3, jana asubuhi, jana jioni na leo asubuhi saa 12. Lebo yake inataka saa 96, na hizo zinaisha Jumapili tarehe 19 saa 12 asubuhi. Dawa zikiwa mbili tunafuata inayochelewa kuisha, na tunahesabu tangu dozi ya mwisho. Ukihesabu kuanzia Jumatatu, utauza maziwa yenye dawa Alhamisi ukidhani umemaliza.

Maziwa utakayokamua Jumapili asubuhi nayo yamwage, maana yalijikusanya kwenye kiwele usiku wakati muda ulikuwa haujaisha. Ya kwanza kuuza ni ya Jumapili jioni.

Najua swali lako: je, maziwa ya chuchu tatu zisizougua naweza kuuza? Nayo hapana. Sindano inapita kwenye damu na kufika robo zote nne, na hata dawa ya chuchu moja husharabiwa kidogo na kusambaa. Usijaribu pia kuyachanganya na ya ng'ombe wengine ili "yapungue nguvu". Kiwango cha juu kinachoruhusiwa cha penisilini ni mikrogramu 4 kwa kilo moja ya maziwa. Kwa ndoo yako ya lita 20 hizo ni kama mikrogramu 80, chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu. Hapo ndoo nzima imeharibika, pamoja na maziwa ya ng'ombe wengine.

Kuchemsha hakusaidii. Moto unaua vimelea, lakini dawa hizi kwa sehemu kubwa zinabaki. Mteja mwenye mzio wa penisilini anaweza kuvimba au kubanwa kifua, na anayekunywa dawa kidogo kidogo kila siku anachangia vimelea sugu. Jirani anayegandisha mtindi ndiye atakugundua kwanza: bakteria wa kugandisha hufa, na maziwa yanabaki majimaji hadi yanaoza.

Katika siku hizi mkamue Asali asubuhi na jioni mpaka kiwele kiwe tupu. Ukimwachia maziwa ndani, ugonjwa unarudi na dawa inachelewa kutoka. Awe wa mwisho kukamuliwa, kwa ndoo yake peke yake, kisha nawa mikono kwa sabuni. Mfunge kitambaa chekundu mguu wa nyuma, maana kijana anayekamua usipokuwepo hawezi kujua kwa kumtazama. Ndama wake asinyonye. Mpe maziwa ya ng'ombe mwingine hadi Jumapili jioni. Yanayomwagwa yaingie kwenye shimo mbali na kisima, yafukiwe. Usiyamwage mtaroni, mvua itayapeleka ziwani.

Hasara ni mikamuo 11. Kwa lita 6 kila mkamuo ni lita 66, na kwa bei yako ya shilingi 1,500 ni shilingi 99,000. Inauma, sikatai. Lakini mteja mmoja wa kila siku akikuhama, hasara hiyo utaifikia upesi.

Nyama ni hesabu nyingine: lebo ya sindano inataka siku 28, kwa hiyo asipelekwe mnadani wala kuchinjwa kabla ya tarehe 12 Juni.

Jumapili jioni, kabla ya kukamua kwenye ndoo, toa michirizi ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Ukiona mabonge, maji au damu, usiuze hata kama muda umekwisha, nipigie. Tafadhali usimnunulie dawa nyingine dukani kabla sijamwona. Dozi ikiongezwa au dawa ikibadilishwa, saa za lebo hazifai tena na hesabu inaanza upya.

Kwenye daftari lako andika jina lake, dawa zote mbili, tarehe na saa za mwisho, na "kuuza Jumapili 19 Mei jioni". Nitapita Ijumaa asubuhi kuangalia kiwele.

Daktari wako wa mifugo,
Buswelu