Ratiba ya kurudia: mtihani wa ujifunzaji wa mashine, Ijumaa hadi Jumatano

Wenzangu wa grupu, pepa ni Alhamisi saa 3 asubuhi, masaa matatu, alama 100. Sehemu A ni dhana, alama 30. Sehemu B ni kuthibitisha fomula, alama 40. Sehemu C ni kodi fupi za Python, alama 30, na zinaandikwa kwa kalamu.

Najua wengine mlitaka siku mbili za fomula, mbili za dhana, mbili za kodi. Mimi napinga. Tukienda hivyo, kufika Jumanne fomula za Ijumaa zimeshayeyuka. Tuchukue mada moja, tuithibitishe, tuiandikie kodi siku hiyohiyo, halafu kila mmoja aieleze kwa mdomo bila desa. Tunakutana saa 10 jioni kila siku; asubuhi kila mtu na daftari lake.

Ijumaa: rigresheni ya mstari. Anzeni na jumla ya makosa ya mraba hadi mfikie `w = (XᵀX)⁻¹Xᵀy`, kisha ongezeni adhabu ya ridge: `w = (XᵀX + λI)⁻¹Xᵀy`. Swali la dhana linalonukia hapa ni kwa nini λ ikizidi sifuri matriksi ile lazima iwe na kinyume. Jibu: `XᵀX` haina thamani-eigen hasi, na λ inazisukuma zote juu ya sifuri. Ongezeni pia kwa nini adhabu ya L1 hufuta baadhi ya vizito kabisa wakati L2 huvipunguza tu.

Jumamosi: rigresheni ya lojistiki. Hii ndiyo siku nzito, msipange mambo mengine. Mada hii inaweza kuulizwa katika sehemu zote tatu. Andikeni hasara:

`L = -Σ [y log p + (1-y) log(1-p)]`, ambapo `p = σ(Xw)`

Thibitisheni kwanza kwamba `σ' = σ(1-σ)`, maana bila hiyo mtakwama katikati. Vitu vikikatana vizuri mnabaki na `Xᵀ(p - y)`. Rudieni kwenye karatasi tupu hadi mkono uzoee. Kisha kodi, tukitumia wastani wa hasara:

```python
import numpy as np

def gredienti(X, y, w):
    p = 1 / (1 + np.exp(-X @ w))
    return X.T @ (p - y) / len(y)
```

Mtego uko kwenye umbo la `y`. Ikiwa `p` ni `(n,)` na `y` ni `(n,1)`, NumPy haitalalamika: `p - y` itakuwa `(n,n)` na jibu litatoka bovu kimyakimya. Kwenye karatasi, andikeni umbo la kila kitu pembeni. Hata mkikosea mstari mmoja, msahihishaji ataona mlichokuwa mnafikiria. Jioni hakikini gredienti kwa kompyuta: sogezeni kizito kimoja kwa 0.00001 juu na chini, mlinganishe.

Jumapili: kupima modeli. Fomula ni moja tu, ile ya kugawa wastani wa kosa la mraba kuwa bayasi ya mraba, varyansi na kelele. Muda mwingi uende kwenye mfano huu: miamala 10,000 ya simu, 100 ni ya utapeli. Modeli inayosema "yote safi" inapata usahihi wa 99%, na haina kazi yoyote. Nyingine inatilia shaka miamala 150, na 60 kati yake ni utapeli kweli: presisheni 0.4, rikoli 0.6. Kuvuja kwa data nako tukuelewe: ukipima wastani wa data yote kabla ya kutenga ya majaribio, umeshachungulia majibu.

Jumatatu: mitandao ya neva. Bakipropagesheni ya tabaka mbili, kwa namba ndogo na kalkuleta. Elezeni kwa nini vizito vyote vikianza na sifuri, neva za tabaka la kati zinabaki mapacha.

Jumanne: k-means na PCA. Kwa k-means: kila hatua haiongezi hasara, kwa hiyo inatulia, ila si lazima mahali bora kuliko pote. Kwa PCA, ongeza sharti `uᵀu = 1` kwa njia ya Lagrange, unapata `Su = λu`. SVM tusome dhana tu; umbo la dual la fomula zake linakula muda kuliko alama zake.

Jumatano: pasti pepa moja asubuhi kwa saa ya ukutani: Sehemu A dakika 45, B dakika 70, C dakika 50, zinabaki 15 za kukagua maumbo ya matriksi na alama za kutoa. Mchana tunasahihishana kwa kubadilishana karatasi. Saa 12 jioni tunafunga, kila mtu aangalie betri ya kalkuleta na kitambulisho chake.