Kiswahili na Riziki Mpakani: kuwakaribisha wazungumzaji wanne, Busia, 7 Julai

Wazee wetu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Ninyi mlioko nyuma chini ya mwembe, sogeeni mbele. Viti hivi havikuwekwa kwa ajili ya wakubwa peke yao, na jua la Busia halimheshimu mtu.

Leo ni Siku ya Kiswahili Duniani, nasi tumekutana kuzungumzia Kiswahili na riziki hapa mpakani. Wazungumzaji ni wanne, na nimewapanga kwa kufuata safari ya gunia: wa kwanza analinunua, wa pili analibeba, wa tatu analishughulikia karatasi zake, wa nne anatufundisha kulitaja vizuri. Kila mmoja ana dakika nane. Majina yao kamili yameandikwa kwenye vibao pale mezani. Mimi nitawaita kama soko linavyowaita, maana nikisoma ya kwenye kitambulisho, nusu yenu mtaulizana ni nani huyo.

Tazameni kwanza lile debe lililo mbele ya kiti cha kushoto. Ndani mna samaki wadogo wakavu. Upande wetu huu wa Uganda ni mukene. Ukivuka lango, hatua chache tu, wamekuwa omena. Ukiwapeleka Mwanza, wanaitwa dagaa. Ziwa ni moja, samaki ni yule yule, bei ndiyo inayobadilika pamoja na jina. Mwenye debe ni Mama Mukene. Alianza kuuza pande zote mbili mwanawe wa kwanza akiwa hajaota meno. Kijana mwenyewe ndiye yule mwenye ndevu aliyembebea debe asubuhi. Nimemwomba atueleze siku alipopunjwa gunia zima kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe lilikuwa lipi.

Baiskeli iliyoegemezwa mlangoni, tafadhali msiiondoe. Ni ya mzungumzaji wa pili, na huenda ndiyo mzee kuliko baadhi yetu humu. Leo bodaboda zimejaa kote Afrika Mashariki, lakini jina lilizaliwa hapa kwetu miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka lango hadi lango, wakiita, "Boda! Boda!" Pikipiki zilikuja baadaye sana zikarithi jina. Mzee Kengele aliikuta kazi hiyo ikiwa bado changa. Kiswahili hakukisoma popote. Alikiokota kwa abiria, kila mmoja akimwachia maneno mawili matatu pamoja na nauli. Mzee, hebu tupigie kidogo... Haya, mmesikia. Hiyo kengele ilikuwa na maana tatu tofauti, atazifafanua mwenyewe.

Mtu wa tatu hapendi foleni, kwa hiyo nitafupisha. Ni wakala wa forodha, Dada Fomu. Hebu nyosheni mikono: wangapi mnajua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kama umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha? Saba. Wengine mnaendelea kupita njia za panya na mahindi yenu halali. Dada, umejionea kazi iliyokungoja.

Nikija kwa wa nne, kusema kweli namhurumia. Wengi wa umri wangu tulikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Hata magendo tulilijua neno hilo kabla ya kujua asante. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na baraza la mawaziri likakiidhinisha tena Julai 2022, lakini mtoto akirudi nyumbani na daftari la Kiswahili, bado yupo babu anayeuliza, "Unataka kuwa askari?" Babu huyo ndiye Mwalimu hukutana naye kila siku ya wazazi. Anafundisha shule ya msingi, na mazoezi yake ya hesabu huyatunga kwa bei za soko hili hili. Nimemweka mwisho ili awasikilize wenzake kwanza. Ameniahidi kwamba hatamsahihisha mtu hadharani, ingawa tangu nianze kusema nimemwona akiandika kitu mara tatu.

Maswali yatakuja baada ya wote wanne, kwa hiyo yashikeni. Kipaza sauti hiki kina tabia ya kukatika, kikizima tusikilizane tu kwa sauti za sokoni.

Mama Mukene, karibu. Fungua debe.