Maelezo ya Fomu ya Uchunguzi wa Afya kwa Wakimbizi wa Kongo Waliofika Kentucky

Ndugu mgeni, karibu. Tafadhali uje na mfuko wenye karatasi zako za afya uliopewa na shirika la uhamiaji la IOM, kwa kuwa chanjo zilizoandikwa humo hazitarudiwa bila sababu. Zinazobaki utachanjwa hapa, nazo zitahitajika utakapoomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka 1.

Minyoo: Huenda kabla ya safari ulimeza albendazoli na prazikwanteli. Hata hivyo, wanaotoka maeneo yenye minyoo iitwayo loa loa, yakiwemo ya Kongo, kwa kawaida hawapewi ivermektini kabla ya kupimwa, kwa maana dawa hiyo huweza kumdhuru vibaya mwenye vimelea vingi vya loa loa katika damu. Ndiyo sababu tunapima damu na choo, wala hatukudhanii uchafu.

Kifua kikuu: Kipimo cha damu hakiathiriwi na chanjo ya BCG ya utotoni. Kikionyesha maambukizi, utapigwa picha ya kifua. Mwenye vijidudu vilivyolala haambukizi mtu, na dawa hupunguza sana hatari ya kuugua baadaye.

Mama mjamzito atujulishe kabla ya picha, chanjo au dawa yoyote. Tunajua wengi wanaogopa. Matokeo haya hayamrudishi mtu kambini.