Taarifa ya Mhazini kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Tandika

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, ndugu Afisa Ushirika wa Manispaa ya Temeke, wazee wetu waasisi, wanachama wenzangu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Ushirika hoyee!

Mwaka huu sikutaka kuwasomea vitabu vya ofisini peke yake. Mwezi Desemba niliomba kila mwanachama afungue simu yake, apige skrinshoti ya salio lake la akiba na ya marejesho ya mkopo kama anao, kisha anitumie mimi moja kwa moja. Taarifa ya leo nimeijenga juu ya hizo skrinshoti. Nimezilinganisha moja moja na daftari la chama na taarifa ya benki, na zinazoonekana ukutani hapa zimeletwa kwa ruhusa ya wenyewe, majina na namba za simu zimefunikwa.

Tunao wanachama 212. Walioleta skrinshoti ni 174. Wengine 21 wanatumia simu za kitochi, hao walikuja ofisini na vitabu vyao tukakaa pamoja. Wamebaki 17 ambao hadi leo sijapata kitu kutoka kwao. Naomba wasitoke ukumbini kabla hatujaonana.

Akiba kwanza. Tulianza Januari 2024 na TSh 184,250,000. Mkaweka TSh 71,480,000. Waliojitoa na warithi wa marehemu wetu tukawarudishia TSh 9,310,000. Tukafunga Desemba 31 na TSh 246,420,000. Hongereni sana.

Tazameni picha ya kwanza. Huyu ni mama lishe wa Buguruni. Novemba peke yake ameweka mara 24, na kila mara ni TSh 2,000. Siku zilizoruka ni za Jumapili na siku mbili alizouguza mtoto. Hakuna hata siku moja aliyoweka elfu kumi, lakini salio lake la chini pale linasoma TSh 1,012,000. Mimi nikiona picha kama hii najua kwa nini nakubali kukesha na vitabu vya chama. Hizi ni fedha za mtu anayewasha jiko saa kumi alfajiri, na senti yake haitakiwi ipotee mikononi mwa yeyote kati yetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonichukua muda mrefu. Katika zile skrinshoti 174, 159 zilikubaliana na daftari moja kwa moja. Kumi na tano hazikukubaliana. Nne zilikuwa zimepigwa kabla amana ya mwisho haijaingia, hizo hazina neno. Tisa zilikuwa za wanachama waliolipa kupitia wakala, au kwa simu ya mke, ya mume, ya kijana wa dukani. Fedha ilifika kwenye akaunti ya chama, lakini ikaja na jina la wakala, kwa hiyo ikakaa kwenye fungu la fedha zisizotambuliwa. Jumla ilikuwa TSh 1,145,000. Mwenye kuonyesha ujumbe wenye kumbukumbu namba ya muamala tukaitafuta kwenye taarifa ya benki, tukaipata, tukaipeleka kwenye akiba yake. Zote tisa zimekwisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na safari hii nusu ya daftari ilikuwa kwenye simu zenu. Msifute jumbe za miamala.

Zilizobaki mbili zinauma. Wanachama wawili walipokea ujumbe ule mnaoujua wote, "ile pesa tuma kwenye namba hii", wakadhani umetoka kwa mkusanyaji wetu, wakatuma marejesho yao, jumla TSh 180,000. Skrinshoti zao zinaonyesha kweli fedha zimetoka, ila hazikuja kwetu. Tumeripoti polisi, na namba ile tumeituma kwenda 15040. Chama hiki kina akaunti moja ya kupokelea, imebandikwa mlangoni na kupigwa muhuri. Hakuna mjumbe wa bodi, wala mimi, atakayekwambia utume kwenye namba yake.

Hapo ndipo naomba tuelewane vizuri. Skrinshoti inatusaidia kutafuta fedha, haithibitishi kwamba fedha imefika. Risiti ya chama inatoka baada ya benki kuonyesha.

Mikopo. Tulianza mwaka tukiwa na TSh 151,700,000 mikononi mwa wakopaji. Tukatoa mikopo 94 ya TSh 203,500,000, mkarejesha TSh 169,900,000, kwa hiyo deni la nje sasa ni TSh 185,300,000.

Picha ya pili ni ya mwenzetu mwenye duka la nguo Kariakoo. Alikopa TSh 1,800,000, rejesho lake ni TSh 168,000 kwa mwezi. Angalieni Juni, ameleta TSh 60,000. Mnakumbuka wiki ile ya mwisho wa Juni, maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa mgomo. Julai akaleta TSh 90,000. Lakini Juni ileile alikuja ofisini na wadhamini wake wote wawili, akaeleza, tukaandikiana. Agosti TSh 200,000, Septemba TSh 220,000, Oktoba TSh 270,000. Jumlisheni wenyewe: pengo la TSh 186,000 limezibwa lote. Huyu simhesabu mkorofi, na bodi isimhesabu hivyo akirudi kuomba mkopo mwingine.

Wanaonisumbua ni wale walionyamaza. Mikopo 11 imepita siku 30 bila rejesho, salio lake TSh 12,970,000. Hiyo ni asilimia 7 ya mikopo yote, wakati kipimo kinachotakiwa kwa vyama kama chetu ni kisizidi asilimia 5. Tukikusanya kama TSh 3,900,000 tu tunarudi kwenye mstari. Ndugu zangu, dawa ya deni ni kulipa. Ukizima simu, anayepigiwa ni mdhamini wako, na akiba inayoshikiliwa ni yake, pengine ni hizi elfu mbili mbili mlizoziona.

Hata hivyo majina ya hao 11 sitayasoma hapa, na nakataza yeyote kuyarusha kwenye kundi la Watsapu pamoja na skrinshoti zao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo sheria, salio la mtu ni siri yake na chama. Orodha wanayo bodi, kamati ya mikopo na wadhamini wanaohusika, basi. Picha zote mlizonitumia nitazifuta mkaguzi akishamaliza kazi yake.

Mapato ya riba na ada ni TSh 23,180,000, matumizi TSh 14,920,000, ziada TSh 8,260,000. Mchanganuo uko ukurasa wa nne wa kabrasha. Gawio tusiliongelee kabla ya ripoti ya mkaguzi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba mkutano uridhie zoezi hili la kulinganisha salio lifanyike kila miezi mitatu, na uamue kuhusu wale wenzetu wawili waliotapeliwa. Maoni yangu ni kwamba wasitozwe faini ya kuchelewa, lakini rejesho lenyewe walilipe taratibu kwa miezi sita. Daftari na taarifa ya benki viko mezani hapa. Anayetaka kuona ukurasa wake aje na kitambulisho. Naomba kuwasilisha.