Jibu kwa kaka Hashimu, kuhusu pweza na picha

Alhamisi, saa tano na dakika kumi usiku
Mambo mrembo. Leo na lile dera la kijani umenichanganya, hata magunia yangu nimeshindwa kuhesabu. Mimi sizunguki, nimekupenda. Jumamosi nakuja kwako Newala mjini, upike pweza wa nazi, nitalala hukohuko. Saa hizi nirushie picha moja nilalie, ila dera livue kwanza. Usiniangushe mpenzi wangu.

Ijumaa, saa moja asubuhi
Kaka Hashimu, shikamoo ya asubuhi sikupi, maana kwa ulivyoandika jana inaonekana bado unakua.

Ujumbe umefika, ila si mimi niliyeufungua. Umeme ulikatika, na simu yangu ndiyo ilikuwa tochi ya mama mdogo, anachambua ming'oko ya kuchemsha leo. Simu ikalia, akasoma. Tena kwa sauti, kama mwenyekiti anavyotusomea mapato na matumizi. Alipofika kwenye "nitalala hukohuko" akanyamaza, akatazama chumba, akaniuliza: "Kitanda kipi?" Sikuwa na jibu. Humu tuko watano, vitanda viwili, na bibi akikoroma mbuzi wa jirani wanaamka. Hapo kwenye dera, mama mdogo alivua miwani akaifuta, akarudia mstari ule ule kuhakikisha. Ming'oko miwili ilidondoka mchangani. Hasara hiyo ni yako.

Halafu pweza, kaka yangu. Pweza Newala? Huyo atoke baharini kule Mtwara, apande gari, apite Tandahimba na joto lote lile, apandishe mlima mpaka huku juu, akifika akute maji ya kumpikia nanunua kwa ndoo. Muhogo ungeomba ningekuelewa.

Sasa kazi yangu unaijua. Korosho ikiletwa siitazami sura, naitikisa nisikie inavyolia, nachukua sampuli nakata. Na ujumbe wako nimeukata. Ganda linang'aa, la mtu anayejiamini, sikatai. Ndani kuna punje moja tu nzima, hiyo ya "sizunguki", kusema kweli niliipenda. Zilizobaki ni changa, na unyevu umezidi. Hiyo siyo daraja la kwanza wala la pili. Ghalani haiingii.

Utani wangu unaishia hapo. Haya mengine yasome taratibu.

Mimi na wewe hatuna uhusiano wowote zaidi ya mzani, na sina nia ya kuuanzisha. Nisingekuwa na nia hata kama ungeandika vizuri, kwa hiyo usikae kutafuta maneno mengine. Picha sitatuma, yenye dera wala isiyo na dera. Jumamosi usije nyumbani. Mpenzi si jina langu, niite dada au karani, nitaitika. Na namba hii uliitoa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ghala, imeandikwa "maswali ya uzito na malipo". Hilo la dera si uzito, si malipo. Swali la korosho nipigie mchana, saa mbili hadi saa kumi na moja. Usiku simu ni tochi.

Ujumbe wako nimeuhifadhi. Ukija mwingine wa namna hii, sitajibu. Nitaupeleka kwa katibu wa chama cha ushirika pamoja na huu, na namba yako naizuia. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikuchekea.

Najua wengine wakikataliwa huanza kuwaza: ee, karani atanibania kilo. Ondoa shaka. Mzani wetu haujui nani kamtongoza nani, na kila unapopima njoo usimame pembeni usome mwenyewe, kama siku zote. Nami nitakusalimia kama siku zote. Sitalitangaza kwenye foleni. Mama mdogo ndiye siwezi kumdhamini, ila nimemsihi.

Lile dera la kijani nitalivaa tena Jumatatu, ni langu na nalipenda. Wewe hesabu magunia.

Ijumaa, saa moja na nusu
Duh. Nisamehe dada, nilipitiliza. Sikujua simu iko kwa mama.

Ijumaa, saa moja na dakika thelathini na tatu
Hata ingekuwa mkononi mwangu, jibu ni hilo hilo. Samahani yako nimeipokea, yameisha.

Ijumaa, saa moja na dakika arobaini
Nashukuru dada karani. Na yale magunia yangu sita ya jana vipi, yote yamepita?

Ijumaa, saa mbili na dakika tano
Matano yamepokelewa, kilo 403, stakabadhi yako iko kwangu. La sita bado bichi, lifuate ukalianike siku tatu juani ndipo ulirudishe. Nasema gunia.