Muhtasari: Vifungu vya 18 na 19, Mkataba wa Korosho (Mtwara–Mombasa)

Bosi, usichanganye vifungu hivi viwili. Cha 18 kinachagua sheria ya Uingereza itumike kufasiri mkataba, hakitupeleki London. Cha 19 ndicho kinachosema kesi isikilizwe wapi: Mahakama Kuu ya Tanzania, Dar es Salaam, "na si kwingineko".

Maneno hayo matatu ndiyo yanayotubana. Korosho zikifika Kilindini zimeota ukungu, tukifungua kesi hapa Mombasa muuzaji atakionyesha kifungu hicho, na kwa kawaida mahakama yetu itaisimamisha. Itatubidi kuweka wakili Dar. Tena huko sheria ya Kiingereza huthibitishwa kama ushahidi, kwa hiyo kuna mtaalamu wa kulipwa. Mchanganyiko wa ajabu, sijui nani aliuandika.

Wao wakishinda, hukumu ya Dar inasajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya chini ya Sura ya 43, sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za nchi za nje, na wana miaka 6 ya kufanya hivyo. Mali zetu za hapa hazina kinga.

Napendekeza tuombe "na si kwingineko" iondolewe, na sheria iwe ya Tanzania. Saini isubiri jibu lao.