Safari ya Darasa la 4, Ijumaa tarehe 14: fomu ya ruhusa na vitu vya kubeba

Habari za jioni wazazi na walezi wa Darasa la 4. Mnivumilie, ujumbe ni mrefu. Nikiukata vipande, kesho utakuwa umezama chini ya salamu na nitaulizwa upya.

Ijumaa tarehe 14 tunakwenda makumbusho, halafu bustani ya mimea iliyo jirani nayo. Muhula huu tunasoma sehemu za mmea na kazi zake, na mimi nimechoka kuchora mizizi ubaoni. Wakaione wenyewe. Basi linaondoka getini saa 1:00 kamili asubuhi, kwa hiyo mtoto awe amefika saa 12:30. Kurudi ni saa 10:30 jioni, na tukikwama njiani nitaandika humu humu.

Sasa fomu. Leo kila mtoto amepewa fomu ya ruhusa, karatasi moja ya bluu iliyochapwa pande mbili. Niliwaambia waiweke ndani ya daftari la sayansi. Isipoonekana huko, pekueni chini kabisa ya begi. Upande wa nyuma ndio wengi huuacha mtupu, na ndio ninaouhitaji zaidi: namba za simu za watu wawili tofauti watakaopatikana siku hiyo, ugonjwa wowote alio nao mtoto, chakula au dawa inayomdhuru, na jina la mtu atakayemchukua jioni. Akija mwingine ambaye hakuandikwa, hata kama ni mjomba wake kabisa, nitampigia mzazi kwanza. Asinikasirikie.

Kateni kipande chenye sahihi mnirudishie kabla ya Jumatano tarehe 12 kuisha. Kile chenye ratiba kibaki nyumbani. Alhamisi napeleka orodha ya majina, na baada ya hapo siwezi kuongeza mtu. Asiye na fomu atakuja shule kama kawaida na kukaa na Darasa la 3 mpaka jioni, aumie yeye kwa karatasi tuliyoisahau sisi wakubwa. Kuandika humu "namruhusu mwanangu" hakutoshi, wala picha ya fomu. Nataka karatasi yenyewe. Na sahihi iwe ya mzazi! Safari iliyopita nilipokea fomu iliyosainiwa "Mama" kwa penseli, herufi zinapanda mlima, na mwandiko ule nausahihisha kila siku kwenye daftari la hesabu.

Kama hutaki mwanao aende, weka alama kwenye "hapana" na urudishe vilevile. Sitakuuliza sababu. Picha tutakazopiga zina kisanduku chake peke yake: mtoto anaweza kuruhusiwa safari na asiruhusiwe kupigwa picha.

Wavae sare ya michezo na viatu vya kufunika vidole ambavyo vimeshazoeleka mguuni. Viatu vipya viacheni, tutatembea sana na malengelenge hayasubiri. Kofia, na sweta au koti jepesi la mvua. Begi liwe dogo la mgongoni ili mikono ibaki huru. Chakula cha mchana kiwe kikavu, kisichohitaji kupashwa moto, kwenye chombo ambacho mtoto anaweza kukifungua mwenyewe (mwaka jana nilifungua vifuniko kumi na kitu, vidole vikaniuma). Chupa ya maji ya lita moja, na naomba muipindue juu ya sinki usiku wa kuamkia safari muone kama inavuja. Daftari dogo na penseli, si kalamu ya wino, maana mvua ikinyesha wino wote unasambaa.

Jina la mtoto liandikwe ndani ya kofia, sweta na begi. Kwa nje hapana, mgeni asije akamwita mtoto kwa jina. Nje watavaa kitambulisho chenye namba ya shule.

Wanaotapika kwenye gari: dawa wapewe nyumbani kabla ya kutoka, kwa kipimo alichowaelekeza daktari au mfamasia, kwani wakiimeza kichefuchefu kimeshaanza haisaidii sana. Niambieni, niwakalishe mbele. Wenye pumu waje na pampu zao, mkiwa mmeangalia kama bado ina dawa na haijapitwa na muda. Dawa nyingine yoyote nikabidhiwe mimi mkononi, ikiwa na jina la mtoto na saa ya kunywa, isiwekwe kwenye begi.

Simu, michezo ya betri, hereni na saa za thamani zibaki nyumbani. Hela pia, kila kitu kimeshalipiwa.

Bado natafuta wazazi wawili wa kutusindikiza. Ajue tu kwamba atapewa watoto sita wa kuwahesabu kila tunapopanda na kushuka, na huenda wa kwake asiwe miongoni mwao.

Mambo ya afya ya mtoto niandikieni pembeni, si hapa. Mengine ulizeni humu. Ukishasoma weka dole gumba, nahesabu mpaka 38.

Mwalimu wa Darasa la 4